Hai lakini hawaoti: sahani, hadubini au PCR yenye PMA kwa kuhesabu bakteria wa majini?

Afisa maji mmoja alinijia maabara hapa Hoima na chupa mbili kutoka mwalo wa Ziwa Albert. Moja ilichotwa ziwani, ya pili ilitoka kwenye pipa lililotiwa klorini nusu saa kabla. Kesho yake tulifungua inkubeta pamoja. Kichujio cha maji ya ziwa kilikuwa kimejaa madoa ya njano yaliyoshikana, hata kuhesabika hayahesabiki. Cha maji ya pipa kilikuwa cheupe, miraba yake yote ikionekana.

"Dada, kwa hiyo hapa wamekufa wote?"

"Mzee, hapa hakuna aliyeota. Kama wamekufa wote, sahani haiwezi kuniambia."

Hakuridhika, na alikuwa na haki. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliye pale alipokuwa yeye, au pale nilipokuwa mimi: una sampuli ya maji, una bajeti yenye kikomo, na unataka kujua bakteria wangapi wako hai. Njia nitakazolinganisha ni tatu: sahani ya agari, yaani chakula kilichogandishwa ambacho bakteria huota juu yake na kuwa koloni; hadubini ya floresensi; na PCR, mashine inayonakili DNA mpaka ipimike, ikisaidiwa na rangi iitwayo PMA.

Kwanza, kwa nini sahani ihesabu pungufu?

Mwaka 1982 Huai-Shu Xu, Rita Colwell na wenzao walionyesha kwamba E. koli na bakteria wa kipindupindu wakikaa kwenye maji ya chumvi hufika mahali pa kutoota kabisa kwenye sahani, ilhali hadubini inaonyesha seli zao zingali nzima na zinaitikia chakula. Ndio tunaowaita bakteria hai wasioota. Njaa huwafikisha huko. Baridi huwafikisha huko, na klorini isiyotosha vilevile.

Ajabu yake ni kwamba chakula chenyewe kinaweza kuwa ndicho kinachowazuia. Seli iliyoshinda na njaa kwa siku nyingi imepunguza vimeng'enya vyake, kikiwemo katalesi, kinachovunja haidrojeni peroksaidi. Ukiimwaga ghafla juu ya agari nono inaanza kupumua kwa kasi, peroksaidi inalimbikizana ndani yake, na hakuna cha kuivunja. Mbaya zaidi, agari nayo inaweza kuleta peroksaidi yake: ukichemsha agari na fosfeti katika chupa moja kwenye otoklevu, peroksaidi hutengenezwa humo humo kabla hujaweka sampuli.

Kuna sababu nyingine ambazo hazihusiani na hali hiyo. Seli kumi zilizogandamana huota kama koloni moja. Bakteria waotao polepole hawajaonekana bado unapofunga hesabu baada ya saa 24. Ukiona pengo kati ya sahani na hadubini, usikimbilie kusema lote ni la hai wasioota.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza mambo manne: inaita nini "hai", inaweza kuona kiasi kidogo kadiri gani, ni kitu gani kinaipotosha na utajuaje, na inadai nini kwa vifaa na muda. Kisha nitasema inamfaa nani.

Ili tusiongee hewani, twende na sampuli moja. Chukua E. koli wa maabara, waoshe, watie kwenye maji ya ziwa yaliyochujwa mpaka hayana kiumbe kingine. Waache na njaa siku kadhaa, kisha watilie dozi ndogo ya klorini isiyokusudiwa kuwamaliza. Baada ya dakika chache izime klorini kwa sodiamu thaiosalfeti, la sivyo itaendelea kuua ndani ya chupa wakati wewe unatayarisha sahani. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano wa kukokotoa. Njia ya kukokotoa ndiyo utakayoitumia kwako.

Sahani

*Inaita nini hai.* Seli iliyoweza kugawanyika mara nyingi mfululizo, kwenye chakula ulichochagua wewe, kwa joto ulilochagua wewe, mpaka kundi lake likaonekana kwa macho. Hiki ni kipimo kikali cha uhai, na ukali wake unasaidia: koloni likiwepo, hakuna ubishi.

Kwenye mfano wetu tunazimua sampuli mara elfu moja, tunapaka mililita 0.1, na kesho yake tunahesabu koloni 42. Idadi hiyo iko ndani ya 30 hadi 300, kwa hiyo inaaminika. Ukigawanya 42 kwa 0.1 na kuzidisha kwa 1,000 unapata 420,000 kwa mililita.

*Kiasi kidogo inachoona.* Hapa hakuna wa kuifikia. Ukichuja mililita 100 za maji na kukiweka kichujio juu ya chakula, bakteria mmoja aliyemo anaweza kuonekana. Na kwa kuwa kiwango cha maji ya kunywa kinataka E. koli asionekane hata mmoja ndani ya mililita 100, ndiyo sababu sahani haijang'olewa mezani.

*Kinachoipotosha.* Ni hayo niliyoeleza, pamoja na chakula cha kuchagua chenye sabuni au chumvi za nyongo. Chakula hicho huwazuia bakteria usiowataka, lakini huwamaliza pia majeruhi unaowataka. Ndiyo maana wanaopima E. koli kwa vichujio huviacha kwanza kwenye nyuzi 30 kwa saa nne kabla ya kupandisha mpaka nyuzi 44. Nimeona watu wenye haraka wakiruka saa hizo nne, na kwa maji yaliyotiwa klorini ni kujipa sifuri bandia.

Ipo njia rahisi ya kujua kama sahani inakuficha. Tengeneza aina mbili za sahani kutoka sampuli ileile: moja ya kawaida, nyingine yenye sodiamu piruveti, gramu moja kwa lita, ambayo hula peroksaidi. Ikiwezekana, chemsha fosfeti na agari katika chupa mbalimbali na uzichanganye zikishapoa kidogo. Koloni zikipanda kutoka 42 hadi tuseme 80, wale waliozidi walikuwa hai tangu mwanzo. Sahani ya kwanza haikuwapa nafasi.

Lakini jihadhari na ufufuaji wa kubahatisha. Mtu huacha sampuli kwenye supu yenye chakula usiku mzima, asubuhi anakuta bakteria tele, anatangaza kwamba wamefufuka. Huenda alikuwepo mmoja tu aliyekuwa mzima, akazaana usiku kucha. Kutofautisha, igawe sampuli kwenye vijichupa vingi. Ikiwa sahani ilionyesha bakteria mmoja kwa mililita 10, na wewe umejaza vijichupa kumi vya mililita moja moja, tegemea kimoja hivi kichafuke. Vikichafuka vyote kumi, hapo una haki ya kusema wapo walioamka.

*Inadai nini.* Inkubeta, otoklevu, vichujio, mikono safi, na subira ya siku moja au mbili. Vitu hivyo viko hata kwenye ofisi nyingi za maji za wilaya, na vifaa vya kubeba mkononi vinafika mwaloni kwa bodaboda.

*Inamfaa nani.* Anayetakiwa kusema kama maji yametimiza kiwango, anayefuatilia chanzo kilekile mwezi hadi mwezi, na anayehitaji bakteria mwenyewe mkononi ili ampime usugu wa dawa. Njia mbili zinazofuata hazikuachii kiumbe wa kuendelea naye.

Hadubini ya floresensi

*Inaita nini hai.* Inategemea umeitilia nini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huchanganya njia mbili zilizo tofauti kabisa.

Ya kwanza ni rangi mbili. Rangi ya kijani, SYTO 9, huingia kwenye kila seli. Rangi nyekundu, propidiamu ayodidi, huingia tu pale utando wa seli ulipopasuka. Unachanganya, unaacha gizani dakika 15, unavuta kwenye kichujio cheusi chenye vitundu vya maikromita 0.2, unatazama. Kijani ina utando mzima, nyekundu imetoboka. Kwa hiyo hai kwa njia hii maana yake ni "ukuta haujabomoka". Nyumba inaweza kuwa na kuta na isiwe na mtu.

Ya pili ilitoka kwa Kogure na wenzake huko Japani mwaka 1979. Unaipa sampuli chakula kidogo sana, dondoo ya hamira ya asilimia 0.025, pamoja na asidi ya nalidiksiki miligramu 20 kwa lita, unaiacha saa sita. Dawa hiyo huzuia DNA isinakiliwe, kwa hiyo seli haiwezi kugawanyika, ila iliyo hai inaendelea kula na kurefuka. Baada ya saa hizo unazikazia kwa fomalini, unazipaka akridini, unatazama. Siku ya kwanza nilipoiona sikuamini: katikati ya vijiti vifupi kama punje za mchele kulikuwa na nyuzi ndefu zilizopinda, moja ikivuka karibu mraba mzima wa gridi. Hizo ndefu zilikuwa zimekula, na sahani ilikuwa imezihesabu kuwa hazipo.

Tuhesabu. Sehemu ya kichujio inayopitisha maji ina kipenyo cha milimita 17, yaani eneo la milimita za mraba 227. Mraba wa gridi ndani ya hadubini ni milimita ya mraba 0.01. Kwa hiyo kichujio kizima ni miraba 22,700. Tumezimua mara kumi na kuchuja mililita moja.

Kwa rangi mbili tunapata wastani wa seli 12 za kijani na 8 nyekundu kwa mraba. Kumi na mbili mara 22,700 mara 10 ni karibu milioni 2.7 kwa mililita zenye utando mzima. Kwa njia ya Kogure tunapata wastani wa seli 5 ndefu, sawa na karibu milioni 1.1.

Linganisha na sahani: 420,000. Mbele ya zile zilizorefuka, sahani imeona chini ya mbili katika tano. Mbele ya zile zenye utando mzima, imeona kama asilimia 15. Mimi nikilazimika kutaja idadi ya walio hai katika sampuli hii, naanza na milioni 1.1, kwa sababu kurefuka ni kazi ambayo mfu haifanyi. Hiyo milioni 2.7 naichukua kama dari.

*Kiasi kidogo inachoona.* Hapa ndipo inapoanguka. Ukitazama miraba 20 na kuona seli moja tu, kwenye kichujio kuna kama seli 1,135. Maji ya pipa yenye bakteria kumi kwa mililita 100 yatapita mbele ya jicho lako bila wewe kuona kitu. Tena rangi hazijui majina. Maji ghafi ya ziwa yana bakteria wa kila namna, na wote wanang'aa kijani. Mfano wetu umefaa kwa kuwa tuliweka E. koli peke yake.

*Kinachoipotosha.* Miale ya urujuanimno, kwa mfano ya jua kwenye chupa zilizoanikwa juu ya bati, huharibu DNA na kuacha utando. Rangi mbili zitakuonyesha kijani kwa bakteria ambao hawana kesho. Mwani wa ziwa nao hung'aa wenyewe. Njia ya Kogure ina adui wake: bakteria sugu kwa nalidiksiki. Wao huendelea kugawanyika, hivyo idadi ya jumla inapanda ndani ya saa sita na nyuzi hazionekani. Aina nyingi za bakteria wa kipindupindu wa siku hizi ni sugu kwa dawa hiyo, kwa hiyo mpime kwanza kwa kidonge cha karatasi kabla ya kuitumia. Alama ya hatari ni hii: hesabu ya jumla ya saa sita ikizidi ya saa sifuri, tupa matokeo.

*Inadai nini.* Hadubini yenye taa ya floresensi na chumba chenye giza. Rangi mbili hazizidi saa moja, Kogure ni siku ya kazi nzima. Inadai pia macho. Baada ya miraba 60 mtu huanza kuona anachotaka kuona, kwa hiyo mwombe mwenzako ahesabu kichujio hichohicho bila kumwambia ulichopata.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi au mtafiti anayejaribu kujua kama dozi ya klorini inaua au inalaza tu, kwa bakteria anaowajua na walio wengi.

PCR yenye PMA

*Inaita nini hai.* Kitu kilekile kinachoitwa hai na rangi mbili: utando mzima. PMA ni rangi inayoingia kwenye seli zilizotoboka, ikashika DNA, na ukiimulika taa ya buluu inajifunga hapo kwa kudumu. DNA iliyofungwa hainakiliki kwenye PCR. Inabaki DNA ya seli nzima, nayo ndiyo unayoipima. PCR ya kawaida bila PMA haifai kabisa kwa swali letu, kwa kuwa inahesabu hadi maiti.

Gawa sampuli mara mbili, nusu yenye PMA na nusu isiyo nayo. Dozi ya kawaida ni maikromola 50 kwa lita, dakika 10 gizani, dakika 15 chini ya taa, kisha toa DNA na upime jeni la `uidA` la E. koli. Mashine inakupa `Ct`, yaani mzunguko wa kunakili ambao DNA inaanza kuonekana; DNA ikiwa chache, `Ct` hupanda. Tuseme nusu isiyo na PMA ina `Ct` 22.0 na yenye PMA ina 22.7. Kila `Ct` moja ni kama kupungua kwa nusu, hivyo tofauti ya 0.7 ni kubaki karibu asilimia 62. Hadubini ilikuwa na 12 katika 20, yaani asilimia 60. Zinakubaliana, na zinapaswa kukubaliana, maana zote mbili zinaukagua utando. Usizihesabu kama mashahidi wawili.

*Kiasi kidogo inachoona.* Ukitoa DNA kwenye maikrolita 100 na kutumia 5 kwa kila tyubu, umepima sehemu moja ya ishirini. Nakala tatu kwenye tyubu ni kama seli 60 kwenye kichujio, kwa nakala moja ya jeni kwa seli na bila kupoteza chochote njiani. Inaipita hadubini kwa mbali, lakini haifiki pa sahani. Fadhila yake kubwa ni kwamba inamjua bakteria kwa jina ndani ya maji ghafi yenye kila kiumbe.

*Kinachoipotosha.* Maji yenye tope au mwani huzuia taa, PMA haijifungi, wafu wanahesabiwa kama hai. Kipande kifupi cha DNA huponyoka bila kushikwa, kwa hiyo chagua kinachozidi herufi 200. Kipimo cha uaminifu ni rahisi: chukua bakteria uliowaua kwa joto, uwatie kwenye maji yaleyale ya ziwa, uwapitishe kwa PMA. `Ct` isipopanda kwa angalau kumi, matokeo yako ya maji hayo hayana msingi.

*Inadai nini.* Mashine ya PCR iliyo wazi, ambayo unaweka viambato vyako mwenyewe. Mashine za katriji zilizofungwa zinazopima kifua kikuu hazikubali kazi hii. Inadai pia umeme usiokatika, PMA iliyotunzwa gizani kwenye friza, na fedha. Majibu unayapata siku hiyohiyo.

*Inamfaa nani.* Maabara ya rufaa au ya chuo inayomtafuta bakteria mmoja maalumu ndani ya maji machafu, na yenye watu wa kuendesha majaribio ya udhibiti kila mara.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama kazi yako ni kusema maji ya bomba au pipa yametimiza kiwango, tumia sahani, na uipe saa nne za kupumzisha majeruhi. Pima klorini iliyobaki palepale kwenye chanzo na uandike pamoja na matokeo. Sifuri yenye klorini ya kutosha iliyokaa nusu saa ina maana. Sifuri yenye klorini hafifu kwenye maji ya tope ndiyo inayonikosesha usingizi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye pipa la yule mzee. Nilimwomba aongeze dozi, apime tena baada ya nusu saa, arudi na chupa nyingine.

Kama unajaribu dozi au njia ya kusafisha maji, weka sahani na Kogure bega kwa bega. Njia ya jua, usiipime kwa rangi mbili wala PMA peke yake.

Kama una sahani tu na hutapata kingine, ongeza zile zenye piruveti. Ukiona tofauti kubwa kati ya mbili hizo, andika kwenye ripoti kwamba hesabu yako ni ya chini kabisa inayowezekana.

Na kama ni kipindupindu kimeshukiwa mwaloni, swali la wangapi lisikucheleweshe. Mwaka 1996 Colwell na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu wasioota, wakimezwa na watu waliojitolea, walitoka upande wa pili wakiwa wanaota tena. Sahani tupu ya maji isimwondolee mtu klorini. Sampuli ya choo ya mgonjwa itie kwenye Keri-Blea, jeli laini ya kusafirishia sampuli, na uisafirishe kwa joto la kawaida. Niliwahi kuletewa kutoka ziwani boksi lililojaa barafu, tyubu zimepangwa vizuri, kila moja na jina lake, na kwenye TCBS, agari ya kuwachagua bakteria wa kipindupindu, hakukuota kitu, wakati wagonjwa walikuwa bado wanaingia wodini.